Tangazo la darasa: kundini, kwa orodha au inboksi?

Mzazi mwakilishi wa darasa la tatu ana wazazi 42 wa kuwafikia na taarifa moja mkononi: mtoto mmoja darasani amepata tetekuwanga. Mwalimu wa darasa amemwomba awafahamishe wenzake kabla ya jioni. Kundi la WhatsApp lipo, limejaa watu, na kuandika mstari mmoja huko ni kazi ya nusu dakika.

Tatizo la tangazo la namna hii si maneno yake. "Wazazi, kuna mtoto ana tetekuwanga darasani, tuwaangalie wetu" halimtaji mtu. Tatizo ni kinachofuata. Mzazi wa kwanza anauliza, "Ni nani huyo?" Wa pili anajibu, "Atakuwa yule ambaye hajaonekana tangu Jumatatu." Wa tatu, kwa nia njema kabisa, anaandika, "Pole sana mama fulani, nilikuona duka la dawa." Ndani ya dakika kumi ugonjwa umepata jina, na aliyelitaja si aliyetangaza. Majibu ndiyo yaliyomtaja mtoto.

Ndiyo maana kabla ya kutuma chochote kuna maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza: majibu ya tangazo hili yaonwe na nani? La pili: wanaolipokea wana sababu ya kuonana namba? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama tangazo liende kundini, kwenye orodha ya matangazo au kwa mtu mmoja mmoja.

Kundi ni baraza

Kundini kila mtu anamsikia kila mtu. Hilo ni jema pale ambapo jibu la mmoja linawasaidia wengine. Darasa likienda Bagamoyo, mmoja akauliza basi linaondoka saa ngapi, jibu moja linawatosha wote. Mwingine akisema ana dumu la maji la ziada, hakuna haja ya wengine kubeba.

Lakini baraza lina gharama yake. Kila aliyemo anaiona namba ya kila mwenzake, pamoja na wale asiowajua kabisa. Kwa wengi si kitu. Kwa mama aliyebadilisha laini ili kumkwepa mtu anayemsumbua, kuingizwa kundini bila kuulizwa ni namba yake mpya kuwekwa mezani mbele ya kundi zima, na mmoja wa waliomo anaweza kuwa ndugu wa mtu huyo. Kumtoa baadaye hakurudishi kitu, kwa kuwa aliyekwisha kuisevu namba anayo.

Wapo wanaodhani kundi likifungwa, yaani admini pekee ndio wanaoweza kuandika, mambo yamekwisha. Kufunga kunazuia majibu ya hadharani tu. Namba bado zinaonekana.

Orodha ya matangazo na siri yake moja

Orodha ya matangazo hufanya kazi tofauti. Kwenye simu za Android inapatikana kwenye nukta tatu za juu, penye `New broadcast`, na orodha moja hubeba hadi watu 256. Mtumaji anaandika mara moja, na kila mzazi anaupokea ujumbe kama ametumiwa yeye peke yake. Hajui nani mwingine ameupata, haoni namba ya mtu, na akijibu, jibu linamfikia mtumaji tu. Swali la "ni nani huyo?" linaulizwa pembeni na linaishia pembeni.

Kuna sharti moja ambalo watu wengi hawalijui mpaka liwaumize: ujumbe wa orodha unamfikia yule tu aliyeisevu namba ya mtumaji kwenye simu yake. Asiyeisevu hapati kitu, wala haambiwi kwamba kuna kitu amekosa. Naye mtumaji haoni onyo lolote. Anaona ujumbe umeondoka na anaamini kazi imekwisha.

Kwa hiyo orodha inahitaji kujaribiwa siku ya amani, si siku ya dharura. Mwanzoni mwa muhula mwakilishi anawaomba wazazi waisevu namba yake, kisha anatuma ujumbe mfupi kwa orodha: "Hili ni jaribio. Ukiupata, jibu: nimepata." Baada ya siku mbili wasiojibu wanapigiwa simu. Wengi watakuwa hawajaisevu namba, au wamebadili simu na majina yakapotea.

Tangazo la tetekuwanga hatua kwa hatua

Tuchukue sasa wale wazazi 42. Kati yao 38 wanatumia WhatsApp na wanne wana vitochi. Mwakilishi haanzi na tangazo. Anaanza kwa kumpigia mzazi wa mtoto mgonjwa, anampa pole na kumsomea maneno atakayoyatuma. Mzazi huyo asikutane na habari za mwanawe kwenye simu kama mgeni.

Kisha anawaandikia wale 38 kwa orodha, akiwamo mzazi huyohuyo, ili aone kwamba walichoambiwa wengine ndicho alichosomewa:

"Habari za jioni, wazazi wa darasa la tatu. Mtoto mmoja darasani ana tetekuwanga. Dalili zinaweza kuchukua siku 10 hadi 21 kujitokeza: homa, kisha vipele vyenye maji vinavyowasha. Mtoto mwenye vipele abaki nyumbani mpaka vyote vikauke na kufanya magaga. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga na amekaa karibu na mgonjwa awaone wahudumu wa afya mapema. Jina la mtoto hatulitaji. Mwenye swali anijibu hapa au anipigie."

Wale wanne wa vitochi wanapata maneno hayohayo kwa meseji ya kawaida.

Baada ya saa moja anarudi kukagua. Anaubonyeza ujumbe kwa muda na kufungua taarifa zake, anaona nani umemfikia na nani bado. Tuseme 31 umewafikia na saba bado. Hapo hawezi kujua kwa kutazama tu kama hao saba wamezima data au hawajaisevu namba yake. Anasubiri mpaka saa mbili usiku. Watatu wanawasha data na ujumbe unawafikia. Wamebaki wanne.

Hao wanne anawaandikia mmoja mmoja, nje ya orodha. Ujumbe wa moja kwa moja hauhitaji namba iwe imesevuliwa. Kwa wawili zinatokea tiki mbili papo hapo, kwa hiyo simu zao ziko hewani na kilichokosekana ni kusevu namba. Anawaomba waisevu. Kwa wawili waliobaki tiki ni moja ileile. Hao anawapigia simu. Wote 42 wamefikiwa, na hakuna mahali ambapo mtoto amejadiliwa.

Bado kuna mlango mmoja wa kuziba. Mzazi mmoja aliyepokea ujumbe anaweza kuuhamishia kundini na kuuliza, "Jamani, mmeona hii?" Mwakilishi mwangalifu anamtangulia kwa kuandika kundini mstari mmoja tu: "Nimemtumia kila mzazi taarifa ya afya. Asiyeipata anipigie. Tusiijadili hapa, kwa heshima ya familia husika." Akiona mjadala unaanza hata hivyo, ndipo kulifunga kundi mpaka asubuhi kunapokuwa na maana.

Orodha ya waliolipa

Jambo la pili linaloumiza watu ni pesa. Safari ya Bagamoyo tuseme ni Sh30,000. Mweka hazina anabandika kundini majina ya waliolipa na kuandika chini, "Wengine tujitahidi." Anaona amewasifu waliolipa. Lakini darasa lina watoto wanaojulikana, na kila mzazi anaweza kuhesabu. Orodha ya waliolipa ni orodha ya wasiolipa iliyogeuzwa upande. Kesho yake mtoto anaulizwa na mwenzake uwanjani kwa nini jina lake halipo.

Kinachofaa kundini ni kiasi, tarehe ya mwisho na jumla: "Hadi leo wamelipa 29, tunahitaji 35 ili basi lipatikane." Namba hiyo inawasukuma watu bila kumnyooshea mtu kidole. Aliyelipa anathibitishiwa inboksi. Ambaye hajalipa anaandikiwa inboksi vilevile, akiulizwa kama kuna tatizo. Mara nyingi atasema mshahara umechelewa na kuomba alipe nusu. Jibu kama hilo kamwe lisingeandikwa mbele ya kundi zima. Kundini angenyamaza, na mtoto angebaki nyumbani.

Risiti nazo zisitumwe kundini. Ujumbe wa muamala wa simu una jina kamili la mtu, na mara nyingi una salio lililobaki. Mzazi anayepiga skrinshoti ili kuonyesha kwamba amelipa huwa ameonyesha pia kwamba amebakiwa na Sh1,200.

Kwa Tanzania, haya si ya adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto na za miamala ya fedha za mtu miongoni mwa taarifa nyeti.

Mtu mmoja mmoja, na mtego wake

Inboksi ndiyo mahali pa kila jambo lenye jina la mtoto: deni, alama za mtihani, utoro, ugomvi, kikojozi aliyechafua godoro la bweni. Hasara yake ni muda, na muda huzaa makosa. Anayeandikia wazazi 12 kwa kunakili ujumbe uleule na kubadili jina, wa nane atampelekea jina la mtoto wa saba. Dawa ni kuandika jina la mtoto mwishoni na kwa mkono kila mara, si kuliacha ndani ya maneno yanayonakiliwa. Jina likisahaulika, ujumbe utakuwa na pengo. Pengo ni afadhali kuliko jina la mtoto wa mtu mwingine.

Na kosa likitokea, WhatsApp humruhusu mtumaji kuufuta ujumbe kwa pande zote ndani ya siku mbili na kitu hivi. Kufuta huko hakumsahaulishi aliyekwisha kusoma, wala hakuifikii skrinshoti. Anayestahili kujua haraka ni mzazi ambaye habari za mwanawe zimepotea njia, na apigiwe simu kabla hajazisikia kwa jirani.