Faida 'isiyo na hatari' inayoweza kumeza mtaji

Biashara hii huuzwa kama isiyo na hatari. Unanunua bitikoini kwa taslimu, papo hapo unauza kiasi kilekile kwa mkataba wa baadaye usio na tarehe ya mwisho. Bei ikipanda au ikishuka, upande mmoja hufidia mwingine. Mkataba unapokuwa ghali kuliko bei ya taslimu, wanunuzi wa mikataba huwalipa wauzaji, mara nyingi kila baada ya saa 8. Hiyo ndiyo faida yako.

Tuseme bitikoini moja ni dola 60,000, nawe umeweka dhamana ya dola 12,000. Malipo yakiwa asilimia 0.01, unapata dola 6 kila mara, yaani 18 kwa siku.

Sasa bei ipande asilimia 20 usiku mmoja. Mkataba unakula dhamana yote, na soko huufunga hata kabla haijaisha. Bitikoini yako imepanda pia, lakini imehifadhiwa kwingine na haikuhesabiwa. Bei ikirudi 60,000 kabla hujaiuza, umepoteza mapato ya karibu siku 667.

Ukiweka vyote kwenye soko moja ili vihesabiwe pamoja, unalitegemea soko hilo. FTX ilipofilisika Novemba 2022, wateja walikuta fedha zao zimezuiwa.

Kwa hiyo muulize anayekushawishi: bei ikipanda nusu, dhamana ya ziada itatoka wapi, na bitikoini anaitunza nani? Akisitasita, usimpe fedha zako.