«Hasara ya mbali hatulipi»: maneno haya yanafika wapi?

Koperative nyingi za wachimbaji wanasaini kontra ya kuangalia mitambo, na pa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo sawa sisimizi, kunakuwa mistari miwili. Wa kwanza unasema kampuni haitalipa kupita bei ya mwezi moja. Wa pili unasema haitalipa hasara ya mbali, ile avoka wanaita domaji endirekti. Siku mambo inaharibika, patro anaonyesha ile mistari na watu wanarudi nyumbani kimya. Sisi tunaona wanarudi mbio sana.

Tuseme koperative moja inalipa dola 800 kwa mwezi juu ya pompi yenye kutosha maji mu shimo. Fundi alipaswa kubadilisha rulma. Hakubadilisha. Mota inaungua, maji inapanda, na siku 10 hakuna mutu anashuka. Mota mupya ni dola 2.400. Muchanga ambao haukutoka ungeleta dola 300 kila siku, ni kusema 3.000. Na juu ya ile feza kukosa, watoto wanafukuzwa masomo.

Patro atasema faida yenye kukosekana ni hasara ya mbali. Hapana. Sheria yetu ya kontra, Kode Sivil Kitabu cha III ya 1888, inahesabu vyote viwili: kile mutu amepoteza, na faida amekosa. Hasara ya karibu ni ile inatoka moja kwa moja mu kosa, hata kama ni faida. Pompi inasimama, shimo inajaa, muchanga hautoki: hapo hakuna kitu kati. Masomo ya watoto njo iko mbali, na hata bila ule mustari zuzi hangeilipisha. Lakini angalieni vizuri: kama kontra imeandika waziwazi «wala faida yenye kukosekana», basi ile faida imetoka, juu artikle ya 33 inasema kontra ni sheria ya wale walioifanya.

Kunabakia plafon ya dola 800. Hapa zuzi anauliza swali ingine: kosa lilikuwa la namna gani? Kama rulma ilikuwa mbovu na fundi hakujua, plafon inasimama, na koperative inameza hasara. Kama fundi alisaini fishi kwamba amebadilisha, na hata hakufungua pompi, ule ni uongo wa makusudi, na plafon inaanguka. Kosa nzito, lile mutu wa ile kazi hawezi kufanya kama anajali hata kidogo, linahesabiwa vilevile. Ila ni mwenye kulalamika njo analeta ushuhuda. Kwa hiyo rulma ya zamani isitupwe, na kopi ya fishi ibakie kwa koperative, si kwa fundi peke yake.

Avoka wetu wanapenda kutaja mazuzi wa Ufaransa, juu kode yetu na yao zina muzizi moja. Hukumu zao hazitufungi, lakini zinasikilizwa. Mu 1996, Kasasyo ya kule ilihukumu Chronopost, yenye kuahidi kufikisha barua upesi. Barua ilichelewa, muteja akakosa soko, na Chronopost ikataka kurudisha paka bei ya kutuma. Mazuzi walisema plafon kama ile inaua ahadi yenyewe, wakaifuta. Lakini mu 2010, kati ya Faurecia na Oracle, waliacha plafon isimame: Faurecia ilikuwa imejadili bei na kupata punguzo kubwa, na malipo haikuwa ya kuchekesha. Kukosa kutimiza kazi, hata ile ya lazima kabisa, hakukutosha kuwa kosa nzito.

Kwetu sisi, hukumu hii ya pili njo ya kuogopa. Koperative yenye kupunguziwa bei na kusaini plafon isingoje zuzi aiokoe. Heri kulipa dola 100 zaidi kwa mwezi na kuomba plafon ya miezi 12, na kuandika mu kontra yenyewe kwamba pompi ile njo inalinda shimo fulani, yenye watu na muchanga wa kila siku. Bila dol, ni kusema bila uongo wa makusudi, zuzi analipisha tu hasara ambayo mutu aliweza kuona mbele wakati wa kusaini.

Na kama maji ilikamata mutu mu shimo? Muchimbaji hakusaini ile kontra, wala bibi yake. Plafon kati ya koperative na kampuni haiwahusu. Wao wanapitia artikle ya 258: mwenye kuharibia mwenzake kwa kosa lake anatengeneza. Mutu asiwaonyeshe zile dola 800.