Kwa nini 114 ya Ifakara haifiki ukiwa Maskati

Nyumba ikishika moto Ifakara, unapiga 114 kuita Zimamoto. Ndugu yako aliyekwenda kufanya kazi Maskati akipiga namba hiyohiyo, simu hairudi Tanzania. Namba fupi husomwa na mitambo ya nchi uliyomo, na Oman namba ya dharura ni 9999.

Kila nchi ilijipangia yake. Uingereza ilianza na 999 jijini London mwaka 1937, na hadi leo Kenya inaitumia. Ulaya ilikubaliana 112 mwaka 1991, na hapa kwetu 112 ni ya polisi.

Hiyo 112 ina jambo lake. Simu ya mkononi yenyewe inaitambua kuwa ya dharura, hivyo mtandao wako usiposhika, inatafuta mwingine wowote ulio karibu. Pasipo na mnara kabisa, kama baadhi ya sehemu za bonde letu la Kilombero, haitoki.

Ugenini anayepokea huenda asijue Kiswahili. Msafiri ajifunze mapema kutaja mtaa alipo kwa lugha ya huko, na autaje kwanza, kwani simu ikikatika watajua pa kuja.