Hadithi ya Wiki: Mtu wa Kumi

Hadithi ya wiki hii ni ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nasi twaisimulia kwa pamoja kwa kuwa kosa lililomo ndani yake lilikuwa letu sote.

Tulikuwa wavulana tisa. Kila jioni, baada ya sala ya alasiri na darasa la chuoni, tulikutana kwenye kiwanja kidogo cha mchanga kilichokuwa baina ya nyumba mbili kuukuu. Tuliweka makubadhi yetu mawili mawili kuwa milango, tukacheza hadi mwadhini alipoadhini magharibi. Tabu yetu ilikuwa moja: tisa haigawanyiki kwa mbili. Wanne walipocheza na watano, wanne wakishindwa walidai kuwa wameonewa. Tulipomtoa mmoja awe mwamuzi, hakuna aliyemtii. Jua lilikuwa likituchwea tungali twagombana.

Zuhura alikuwa akituona. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na jioni zote aliketi barazani kando ya bibi yake aliyeuza viazi karai. Hata siku moja alishuka barazani, akasimama mbele yetu na kusema, "Nyinyi ni tisa. Mimi nitakuwa wa kumi."

Tulicheka. Swaleh, aliyekuwa mkubwa wetu, akamwambia, "Utaumia, ulie, kisha babako aje kutulaumu sisi."

"Nipeni kazi ya kipa," akajibu. "Kipa hasukumani na mtu. Tena hakuna miongoni mwenu aitakaye kazi hiyo. Kila siku mwalazimishana."

Hilo lilikuwa kweli, nasi hatukupenda kulisikia. Basi Swaleh akamwekea sharti: yeye mwenyewe angepiga penalti tatu kwa umbali wa hatua saba. Zuhura akizuia mbili, angeingia. Akizuia moja au asizuie hata moja, asingeomba tena.

Lango letu la kila siku lilikuwa la hatua nne. Zuhura alipogeuka kuukaza mtandio wake, mmoja wetu alilisogeza kubadhi moja kwa ncha ya mguu, na mwenzake akalisogeza la pili. Sote tuliona. Hakuna aliyesema neno.

Swaleh akapiga mpira wa kwanza. Zuhura aliruka upande wake wa kulia kabla mpira haujafika, akaudaka kifuani. Tukasema ni bahati. Wa pili ulipita pembeni kabisa, karibu na kubadhi, mahali ambapo lango la hatua nne lisingefika. Tukashangilia kama watu waliopata goli la haki. Wa tatu ulikwenda kushoto, naye alikuwa ameshafika huko. Aliusukuma kwa viganja ukagonga ukuta.

Hakushangilia. Alisimama kwenye kubadhi la kulia, akaanza kutembea polepole kuelekea la kushoto, akihesabu kwa sauti. Alipofika tano akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Ule wa pili ulikuwa nje. Lakini nimezuia viwili, na sharti lilikuwa viwili." Akarudi barazani.

Swaleh alimfuata. Hakuomba radhi, kwani kiburi kilikuwa kingali kimemshika. Alimuuliza tu alijuaje mpira ungekwenda wapi. Zuhura hakumnyima jibu. Alimwambia kuwa mpigaji hawezi kuupiga mpira kwa nguvu mpaka aukite kwanza chini ule mguu mwingine, mguu wa kusimamia. Aghalabu vidole vya mguu huo huelekea kule mpira uendako. Macho ya mtu hudanganya, akasema, kwani aweza kutazama huku akapiga kule. Lakini mguu umebeba mwili mzima, na kuugeuza ni vigumu. Kwa miezi kadhaa, huku akifunga viazi karatasini, alikuwa akiitazama miguu yetu.

"Na ikiwa mtu ataujua mguu wake?" akauliza Swaleh.

"Hapo atanifunga," akajibu.

Lilibaki jambo la idhini, nalo halikuwa letu kuliamua. Baada ya sala ya magharibi, baba yake Zuhura alirejea kutoka msikitini, akatukuta tumejipanga mbele ya baraza. Bibi alimweleza ombi la mjukuu wake. Baba alikunja uso, akasema kuwa watu wa mtaa watasema. Bibi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Alimshinda mara ya kwanza, na mara nyengine Mtume akamshinda. Riwaya hiyo imo katika Abu Daudi. Sisemi kuwa hiyo ni fatwa ya mpira. Nasema mchezo wenye adabu haukuanzia kwetu, na mtoto huyu bado ni mdogo."

Baba alifikiri kwa muda. Kisha akataja masharti yake: Zuhura angevaa suruali chini ya gauni, angeufunga mtandio kwa pini, angekaa langoni tu, na angekuwa nyumbani kabla ya adhana. Akatugeukia sisi. "Na nyinyi," akauliza, "leo mlipomjaribu, mlimpa haki yake?"

Tulitazama chini. Zuhura naye alinyamaza. Angeweza kututaja kwa neno moja tu, na baba yake angetufukuza; lakini labda angemkataza naye asirudi kiwanjani kwa watoto wa tabia hiyo. Hatukujua ni lipi lililomfunga kinywa, hofu hiyo au heshima yake. Tulijua tu kwamba kimya chake kilikuwa kizito kuliko mashitaka.

Swaleh ndiye aliyesema. "La, ami. Tulilipanua lango. Lilikuwa hatua nne, tukalifanya tano." Nasi wanane tukasema, "Sote, ami."

Mzee hakutukemea. Alimuuliza binti yake kama angali anataka kucheza na watu hawa. Zuhura akasema, "Nataka, baba, lakini lango nitalipima mimi."

Siku ya pili tulikuwa kumi, watano kwa watano. Haikuwa siku ya ushindi kwake. Swaleh alikuwa amefanya mazoezi usiku uani kwao, akiukita mguu kuelekea huku na kuupinda mpira kwenda kule, na alimfunga mara tatu. Zuhura aliinuka kila mara, akakung'uta mchanga, akaurudisha mpira. Alipofungwa mara ya tatu alimwambia, "Sasa umeujua mguu wako. Kesho nitatazama kiuno." Naam, kesho yake alizuia mawili.

Ugomvi wa hesabu uliisha kiwanjani petu. Kila jioni, kabla ya mchezo kuanza, sote tulisimama kando tukimsubiri. Zuhura alipita baina ya makubadhi, lango la wenzake kwanza kisha la wapinzani, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akifika nne alisimama, na mchezo ukaanza.

Wabillahi tawfiq.