Bure Hadi Ubonyeze Export

Wasee, programu ya kuediti inayokuambia masharti baada ya kazi kuisha haijakusaidia. Imekutegea.

Bosi mmoja wa boti hapa Diani, anayepeleka watalii Kisite, alinipa kazi ya kurekodi skrini: onyesha mteja anavyobuku safari kwenye tovuti, dakika 8. Nikachukua programu moja iliyoandikwa "bure". Siku mbili nikarekodi, nikakata, nikaweka sauti. Kubonyeza Export tu, ndipo masharti yakatoka. Bure ni dakika 5. Picha ni 720p. Na nembo yao inakaa kona ya chini kulia, palepale kitufe cha kulipia safari kilipo!

Msiseme 720p inatosha. Fremu ya 1080p ina nukta 2,073,600. Ya 720p ina 921,600, chini ya nusu. Uso wa mtu utavumilika, lakini bei na tarehe za herufi ndogo zinakuwa ukungu. Ukiikuza baadaye, kilichopotea hakirudi.

Nikalipa mwezi mmoja, faida ikaliwa. Mwezi uliofuata bosi akabadilisha bei, anataka sekunde 10 zirekebishwe. Mradi uko kwenye klaudi yao, umefungwa hadi nilipe tena. Kazi yangu, kufuli lao.

Najua mtaniambia, "Nao pia wanakula." Sawa. Klaudi ina seva zinazolipiwa kila mwezi, watoze. Lakini video yangu ilipikwa na laptopu yangu, kwa tokeni zangu za stima. Kunifungulia 1080p hakuwagharimu kitu. Na kama wanauza, waseme kabla sijaanza, si nikiwa nimeshabanwa na mteja.

Mimi sasa narekodi na OBS Studio: bure, haina kikomo cha dakika wala nembo. Naweka faili iwe MKV, kwa sababu stima ikipotea katikati, kilichorekodiwa kinabaki. MP4 ya kawaida ikikatizwa hivyo mara nyingi haifunguki. Halafu naigeuza MP4 kwa Remux Recordings, iko ndani ya menyu ya File. Kuediti natumia DaVinci Resolve ya bure, inayotoa hadi 3840x2160 bila nembo, mradi usiguse madoido ya toleo la kulipia. Ubaya wake ni mmoja: inataka kompyuta yenye nguvu. Kila kitu kinakaa kwenye diski yangu, na nakala kwenye diski ya pili.

Ukilazimika kutumia programu nyingine, ijaribu kabla ya kuchukua kazi. Weka picha moja, ivute ifike dakika 8, kisha itoe. Hapo utaona kama inakatwa, kama ina nembo, na ni p ngapi. Kujaribu sekunde 10 peke yake hakutoshi, maana kikomo cha dakika hakitajitokeza.

Ikikataa, ifute. Bosi wa boti hakulipi kwa sababu ulihurumiwa na programu.