Pesa za ndani, sehemu ya 3: Deni alilokuja nalo

Akina mama, tumalizie lile swali la wachumba wa huku kwetu. Binti ni mwalimu Nachingwea, mwenzie analima ufuta na korosho Ruangwa. Waunganishe pesa?

Mimi nasema unganisheni chungu cha nyumba tu: chakula, kodi, kliniki ya mtoto. Tuseme mshahara wa binti ni 700,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 105,000, kabla hajaishika. Hilo deni halina siri, lipo kwenye hati ya mshahara. La mume ni kausha damu, 400,000, na hilo utalijua mkopeshaji akibisha hodi. Ndilo la kuweka mezani kabla ya ndoa, na karatasi zake.

Mkulima hana mwisho wa mwezi jamani, na riba ya kila wiki haisubiri mnada. Kwa hiyo pesa ya ufuta ikiingia benki kupitia Amcos, alimalize kwa mkupuo, kwa pesa yake, chungu kisiguswe.

Akitaka kuweka rehani nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa yako. Ukiletewa fomu usiku, mwambie utaisoma asubuhi.