Mjibu Mtu kwa Sauti Aliyokujia Nayo

Vijana wenzangu wa Gazi, baruapepe sasa ni kazi ya kila siku hapa kwetu. Mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa ng'ambo, na kina mama wanatembeza wageni kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko. Wengi wanatujua kwa maandishi kabla ya kutuona. Basi barua ikija, tusiangalie inasema nini tu, tuangalie imesemwaje.

Tuseme mwalimu wa chuo ameandika: “Ndugu Katibu, tunaomba kuwaleta wanafunzi ishirini siku ya Jumanne. Tafadhali tujulishe ada na saa ya maji kupwa. Wako mwaminifu,” kisha jina kamili na cheo. Hakufupisha neno hata moja, wala hakutia alama ya mshangao. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Nawe unamjibu: “Niaje mwalimu!!! Karibu xana 😂🙏 Jmnne iko poa, ada ntakucheki bdae.”

Furaha yako ni ya kweli, lakini haimfikii. Alama tatu anazisikia kama kelele, na ule uso wa kicheko unamfanya ajiulize amechekesha nini. Zaidi ya hayo, barua yako ya kujibu ilikuwa iende kwa mhasibu wa chuo ili pesa zitoke. Ataipelekaje? Mjibu hivi: “Mheshimiwa Mwalimu, karibuni Jumanne,” kisha mtajie ada, saa ya kupwa, na jina lako kamili.

Akirudi na “Ahsante sana! Tutaonana 😊” na jina lake la kwanza tu, hapo amekulegezea. Nawe tia alama moja ya mshangao, na uso mmoja ukipenda. Mfuate, usimtangulie.

Ila likija suala la pesa au la kuahirisha safari, rudi kwenye maneno peke yake hata kama jana mlicheka. “Malipo hayajafika!” ni kumshutumu mtu. “Malipo hayajatufikia bado, ukishalipa, tafadhali tutumie risiti” ni kumkumbusha.

Vifupisho navyo vina mipaka. “N.k.” na “k.m.” kila msomaji wetu anavijua. Lakini “EOD”, yaani mwisho wa siku, ukimwandikia mtu wa Uskoti, ni siku ya nani? Saa zetu zimetangulia za kwao kwa mbili au tatu, kutegemea majira. Andika “saa kumi jioni, saa za Kenya”, naye hatakuuliza tena.

Tena kuna jambo linalowapoteza wengi. Programu ya Outlook, katika matoleo yake ya zamani, hugeuza :) kuwa uso wa tabasamu kwa kutumia hati ya Wingdings. Barua ikifunguliwa kwa programu nyingine, uso huo huweza kuonekana kama herufi J. Basi ukikuta J imekaa peke yake mwishoni mwa sentensi, usidhani ni jina la mtu wala kosa la chapa: mwenzako ametabasamu, na unaweza kumjibu kwa ulaini huohuo.